Wiki moja ya maasi, njia tatu: kwa nini majeshi huingia katika siasa

*"Nafundisha uraia sekondari. Kila panapotokea mapinduzi mahali fulani, wanafunzi huniuliza kwa nini jeshi la nchi ile limepindua serikali na la jirani yake aliye maskini zaidi limetulia. Huwa najibu kwamba ni umaskini, ufisadi na uroho wa madaraka, lakini jibu hilo halinitoshi hata mimi. Mdogo wangu ni koplo jeshini. Yeye anasema serikali ikiwalipa askari vizuri na rais akiwa na kikosi imara cha kumlinda, hakuna wa kumgusa. Ni kweli? Na wale wanaoshangilia vifaru mitaani, wamekosea? Halafu nina hofu moja: mdogo wangu akisikia wenzake wanazungumza mambo hayo kambini, afanye nini?"*

Mwalimu, jibu unalowapa wanafunzi wako lina ukweli ndani yake. Nchi maskini hupinduliwa mara nyingi zaidi kuliko nchi tajiri, na katika utafiti wa mambo haya hakuna jambo lililothibitika mara nyingi kama hilo. Lakini umaskini unatuonyesha tu penye hatari. Hautuambii kwa nini jeshi hili, mwaka huu, limetoka kambini. Malawi na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi maskini kwa miongo mingi na hakuna hata moja kati yake ambayo jeshi limefanikiwa kuipindua serikali. Argentina, iliyokuwa na shule, reli na viwanda vya kujivunia, ilipinduliwa mara sita katika karne iliyopita, kuanzia 1930 hadi 1976. Uroho wa madaraka nao unafafanua kidogo, kwa sababu maafisa wenye uchu wako katika kila jeshi duniani. Tujiulize ni nini humfanya kanali mwenye uchu apate watu wa kumfuata katika nchi moja, na katika nchi nyingine abaki akiota peke yake.

Tuanze na asubuhi yenyewe ya mapinduzi, kwa kuwa wengi huiona vibaya. Tunafikiri jeshi zima huinuka. Kwa kawaida wanaoinuka ni wachache, mara nyingine mia chache tu katika jeshi la maelfu. Wanakamata redio au televisheni, ikulu, uwanja wa ndege, na mtu mmoja au wawili walio muhimu. Waliobaki, yaani sehemu kubwa ya jeshi, wako makambini wakisikiliza. Kila kamanda wa kikosi anajiuliza jambo moja: wenzangu wataegemea wapi? Hataki kuwa upande wa walioshindwa, kwa sababu adhabu yake ni kifo au jela. Pia hataki kuwapiga risasi watu aliofundishwa nao chuo kimoja. Kwa hiyo wengi husubiri. Mapinduzi hufaulu pale makamanda hao wanapoamini kwamba mambo yamekwisha, hata kama kwa hesabu ya bunduki hayajakwisha hata kidogo.

Ndiyo maana tangazo la redioni lina uzito kuliko kifaru. Asubuhi ya Jumapili, 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya waliteka kituo cha Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa askari wa cheo cha chini sana. Majenerali wa jeshi la nchi kavu hawakuwa naye, na waliposikia jina na cheo chake hawakuona sababu ya kuamini kwamba mambo yamekwisha. Ndani ya saa chache kikosi kilichoongozwa na Mahamoud Mohamed kilikirudisha kituo kile, sauti ikabadilika, na jaribio likafa. Sasa angalia Niger, 26 Julai 2023. Jenerali Abdourahamane Tchiani, mkuu wa kikosi cha kumlinda rais, alimzuia Rais Mohamed Bazoum ndani ya makazi yake. Kwa siku nzima haikujulikana jeshi lingesimama wapi. Kesho yake makao makuu ya jeshi yalitoa taarifa kwamba yanaunga mkono tangazo la wapinduzi ili kuepusha umwagaji wa damu kati ya vikosi.  Makamanda wale walipima gharama ya kupigana wenyewe kwa wenyewe, wakaona afadhali wakubali.

Ukishaelewa hilo, swali linageuka. Badala ya kuuliza kwa nini wachache wanathubutu, tunauliza kwa nini wengi hawainuki kuitetea serikali. Hapo ndipo malalamiko ya jeshi lenyewe yanapoingia, nayo kwa sehemu kubwa ni tofauti na malalamiko ya wananchi. Bei ya unga inamuumiza askari kama inavyomuumiza kila mtu, lakini kinachomfanya aone kwamba serikali si yake tena ni mambo ya kazi yake: mwenzake amepandishwa cheo kwa sababu ya kabila au ukaribu na wakubwa, risasi hazifiki mstari wa mbele, kuna kikosi kingine kinachopewa silaha mpya na kulala pazuri, ameagizwa kuwapiga risasi raia ili mwanasiasa abaki madarakani. Mali mwaka 2012 ni mfano ulio wazi. Askari walikuwa wakishindwa na kuuawa kaskazini huku wakilalamikia uhaba wa silaha. Tarehe 21 Machi waziri wa ulinzi alikwenda kambi ya Kati, karibu na Bamako, kuzungumza nao, wakamrushia mawe. Yalianza kama maasi ya kudai silaha. Usiku huohuo wakaelekea ikulu, na kapteni asiyejulikana, Amadou Sanogo, akajikuta mkuu wa nchi, wakati uchaguzi ulikuwa umebaki kama wiki tano tu.

Nimetaja maasi na mapinduzi kwa pamoja makusudi. Maasi ni askari kukataa amri ili wapate jambo fulani, kama mshahara au kuondolewa kwa kamanda. Mapinduzi ni kuchukua serikali. Mengi ya mapinduzi mabaya ya Afrika yana maasi nyuma yake, wakati mwingine ya miaka mingi kabla, na namna serikali ilivyoyashughulikia maasi yale ndiyo iliyowafundisha askari nguvu yao. Hapa ndipo napenda ukae na wanafunzi wako, kwa sababu historia imetuachia kisa cha nadra: nchi tatu jirani, majeshi matatu yaliyotoka tumbo moja la King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni, na maasi matatu ndani ya wiki moja.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao Waingereza. Madai yao yalikuwa mawili. Walitaka maafisa Waafrika, kwa kuwa miaka miwili baada ya uhuru jeshi lilikuwa bado mikononi mwa Waingereza kuanzia kwa mkuu wake, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Na walitaka mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Kumbuka walivyokuwa wanaishi. Wenzao katika utumishi wa serikali walikuwa wameona vyeo vikifunguka baada ya uhuru, na mwezi huohuo Rais Nyerere alikuwa ametangaza kwamba ajira serikalini haitaendelea kuwapendelea Waafrika kwa rangi yao. Kambini hilo lilisikika kama mlango kufungwa kabla hawajafika. Isitoshe, baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari, mamia ya polisi walikuwa wamepelekwa visiwani, na mji mkuu ulibaki bila nguvu nyingine ya kutegemewa.

Askari waliingia mjini na kushika ikulu, kituo cha redio na uwanja wa ndege. Tazama orodha hiyo. Ni ileile ya mapinduzi, ingawa hawakuwa na serikali ya kuiweka. Nyerere na makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa, na aliyekwenda kukabiliana na waasi ni Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi. Maafisa Waingereza walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Mjini kukatokea uporaji na watu kadhaa wakauawa. Tarehe 21 batalioni ya pili, iliyokuwa Tabora, nayo ikaasi. Kwa siku kadhaa Tanganyika ilikuwa na serikali iliyorudi ofisini lakini haikuwa na jeshi la kuiamuru. Kisha zikafika habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wameanza kuwasiliana na waasi. Huo ndio wakati wa hatari kuliko wote katika maasi yoyote: askari wana bunduki bila mpango wa kisiasa, na raia wenye mpango wa kisiasa wanawafuata. Nyerere aliomba msaada wa Uingereza, jambo lililomuuma sana na alilolieleza hadharani kuwa ni aibu. Alfajiri ya 25 Januari makomandoo wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, na Colito ikasalimu amri baada ya mapambano mafupi.

Kabla ya hapo, maasi yalikwishavuka mipaka. Tarehe 23 Januari askari wa Uganda katika kambi ya Jinja walimshikilia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao, mpaka akakubali nyongeza kubwa ya mshahara. Jioni ya tarehe 24 wakaasi askari wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles huko Lanet, Nakuru. Nchi zote tatu ziliita askari wa Uingereza. Kilichozitofautisha ni kilichofuata.

Tanganyika ililivunja jeshi lake. Askari walinyang'anywa silaha na kurudishwa makwao, viongozi wa maasi wakafikishwa mahakama ya kijeshi na kufungwa, na kwa miezi kadhaa batalioni kutoka Nigeria ndiyo iliyolinda nchi. Tarehe 1 Septemba 1964 lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mirisho Sarakikya, likiwa na vijana wengi waliotoka Umoja wa Vijana wa TANU. Askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama, na baadaye maafisa walipata nafasi ndani ya chama na serikali. Kenya ilichukua njia ya sheria: batalioni ya 11 ikavunjwa, askari wake makumi wakashitakiwa, na serikali ikashughulikia mishahara na vyeo kwa wakati wake, bila kuonekana kwamba bunduki ndizo zilizovipata. Uganda ilifukuza baadhi ya askari, lakini nyongeza iliyopatikana kwa kumshika waziri ilibaki palepale, na maafisa Waafrika wakapandishwa upesi. Mmoja wao, Idi Amin, alikabidhiwa batalioni ileile ya kwanza.

Sisemi kwamba kosa la Uganda lilikuwa kuongeza mshahara. Madai ya askari wale yalikuwa ya haki, Jinja kama ilivyokuwa Colito. Kosa lilikuwa njia: askari wote waliona kwamba waziri alishikwa, alitoa, na hakuna kilichowapata wengi wao. Baada ya hapo kila mwanasiasa wa Uganda alijua jeshi linaweza kununuliwa, na kila afisa alijua linauzika. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote, akiwa katika ugomvi na rais wa nchi, Mutesa, ambaye pia alikuwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliutatua kwa jeshi. Mkuu wa jeshi, Shaban Opolot, hakuaminika kwa kuwa alidhaniwa kuwa karibu na Kabaka, akaondolewa. Amin akapanda, na tarehe 24 Mei 1966 ndiye aliyeongoza shambulio la kuteka kasri ya Kabaka, Lubiri. Ukimtumia mwanajeshi kumaliza ubishi wa kikatiba, umemfanya kuwa mwamuzi wa katiba. Tangu siku ile Obote alimhitaji Amin kuliko Amin alivyomhitaji Obote.

Na Obote alilijua hilo. Alifanya kile ambacho mdogo wako anakipendekeza: alijenga nguvu nyingine ya kumlinda. Kulikuwa na idara ya usalama iliyoitwa General Service Unit, iliyoongozwa na Akena Adoko, na kikosi maalumu cha polisi kilichokuwa na silaha za kivita. Ndani ya jeshi lenyewe aliongeza watu wa eneo lake na la jirani, Lango na Acholi, na Amin naye akawa anaandikisha watu wa West Nile, kwao. Desemba 1969 Obote alipigwa risasi na kujeruhiwa. Mwezi uliofuata Brigedia Pierino Okoya, mpinzani wa Amin jeshini, aliuawa. Kufikia mwisho wa 1970 kila upande uliamini kwamba upande mwingine unajiandaa kuumaliza. Januari 1971 Obote alisafiri kwenda Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akiwa ameacha nyuma maswali ambayo Amin alitakiwa kuyajibu kuhusu fedha za jeshi. Tarehe 25 Januari vifaru vilikuwa vimeshika Kampala na askari akasoma redioni sababu 18 za kumpindua. Miongoni mwake yalikuwamo malalamiko kwamba eneo moja linapendelewa na kwamba kuna jeshi la pili linaloundwa pembeni.

Wanafunzi wako watauliza walikuwa wapi wale askari wa Lango na Acholi, ambao walikuwa wengi. Walikuwa makambini, wametawanyika, hawajui nani bado yuko na Obote, na mji mkuu ulikuwa umeshatangaza. Waliokuwa na idadi kubwa walishindwa na wachache waliowahi kupangana. Miezi michache baadaye wengi wao waliuawa ndani ya kambi zao.

Sasa nimjibu mdogo wako. Kuhusu malipo, ana haki nusu. Mshahara unaochelewa ni hatari halisi, na serikali isiyowalipa askari wake inajitafutia balaa. Lakini fedha hutuliza malalamiko ya askari wa kawaida kuliko ya maafisa, na mapinduzi yanayofaulu kwa kawaida huongozwa na maafisa. Kanali hapindui kwa sababu ya posho. Hupindua kwa sababu anaamini kwamba mwezi ujao atastaafishwa, atakamatwa au kikosi chake kitavunjwa, au kwa sababu jeshi analolipenda linadhalilishwa.

Kuhusu kikosi cha kumlinda rais, jambo ni gumu zaidi, na sitaki kumwambia kwamba hakisaidii. Kinasaidia. Kazi ya nguvu ya pembeni ni kuvuruga ile hesabu ya asubuhi: mpinduzi anapojua kuna kikosi kitakachopigana hata kama yeye ameshika redio, tangazo lake halimalizi mambo. Kwa hiyo majaribio mengi hushindwa pale palipo na vikosi kama hivyo. Tatizo lina sehemu mbili. Kwanza, wakati kikosi kinapoundwa ndio wakati wa hatari kubwa, maana jeshi la kawaida linaona linapokonywa nafasi na kwamba likingoja litakuwa limechelewa. Obote aliangukia hapo. Pili, kikosi hicho kikishakomaa kinakuwa ndicho kilicho karibu zaidi na rais, chenye silaha bora, na hakina wa kukizuia. Bazoum alikamatwa na walinzi wake, na kabla ya hapo kulikuwa na habari kwamba alikusudia kumwondoa kamanda wao. Gabon, mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Agosti 2023, Rais Ali Bongo aliondolewa na Jenerali Brice Oligui Nguema, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa ikulu. Hasara nyingine huonekana vitani. Jeshi lililogawanywa ili lisipange njama, lenye makamanda waliochaguliwa kwa utii kuliko uwezo, haliwezi kupangana dhidi ya adui pia, na jeshi linaloshindwa vitani hurudi kambini na hasira kama za askari wa kambi ya Kati kule Mali.

Njia ya Tanzania nayo ilikuwa na bei yake, na ni vizuri uiseme darasani. Kulifanya jeshi kuwa sehemu ya chama kulizuia mpasuko kati ya wanasiasa na askari, lakini kulitegemea chama kimoja kubaki kimoja. Haikuzuia njama zote: mapema miaka ya 1980 maafisa kadhaa na raia walikamatwa kwa kupanga kuipindua serikali, wakashitakiwa kwa uhaini na wengine kufungwa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ilibidi askari watolewe kwenye uanachama wa chama, kazi ambayo haimaliziki kwa kuandika sheria tu. Mimi nikilazimika kuchagua, ninachokithamini zaidi katika kisa kile ni ile hatua ya mwanzo: serikali ilikubali aibu, ikalivunja jeshi lililoasi, na baada ya hapo ikatimiza kwa mpango wake yale madai yaliyokuwa ya haki. Si kila nchi inaweza. Tanganyika ilikuwa na batalioni mbili tu. Nchi yenye askari laki moja na vita mpakani haina anasa hiyo.

Kuna jambo moja ambalo hatulisemi vya kutosha: mara nyingi raia ndio wanaobisha mlango wa kambi. Sudan, Novemba 1958, Waziri Mkuu Abdallah Khalil, alipoona wapinzani wake bungeni wanakaribia kumwondoa, aliwaachia madaraka majenerali, na Ibrahim Abboud akatawala miaka sita. Mwanasiasa anayepinga matokeo ya uchaguzi kwa kuliomba jeshi "liokoe taifa", rais anayebadilisha katiba ili aongeze muhula na kutegemea askari kuwanyamazisha wanaopinga, wote wanafanya kazi moja. Kwa hiyo ukitaka dalili za kuangalia, usihesabu vifaru. Angalia nani anamaliza ugomvi wa kisiasa. Angalia kama upandishaji vyeo una utaratibu unaojulikana au afisa anaamka asubuhi akasikia redioni kwamba mdogo wake kijeshi sasa ni mkuu wake. Angalia kama bunge linaweza kumuuliza waziri wa ulinzi kuhusu bajeti na akajibu. Na angalia historia ya karibuni, kwa sababu nchi iliyopinduliwa juzi ndiyo iliyo hatarini zaidi kesho: Mali Agosti 2020 kisha Mei 2021, Burkina Faso Januari kisha Septemba 2022. Maafisa walioona mwenzao amefaulu hawahitaji kufundishwa.

Wanaoshangilia vifaru, je? Mimi siwalaumu kwa furaha yao. Wanafurahia aliyeondoka. Kama kura haiwezi kumtoa mtu, na mahakama haiwezi, na kuandamana ni kufa, anayemtoa ataonekana mkombozi. Na ni kweli kwamba yapo mapinduzi machache yaliyofungua njia. Ureno mwaka 1974 maafisa vijana, waliochoshwa na vita vya makoloni, waliuangusha udikteta wa miongo mingi na nchi ikafika kwenye uchaguzi huru. Mali mwaka 1991 Amadou Toumani Touré alimwondoa Moussa Traoré, na mwaka uliofuata akamkabidhi madaraka rais aliyechaguliwa. Lakini fuata hadithi ya Touré hadi mwisho. Alirudi kama raia, akachaguliwa mwaka 2002, na mwaka 2012 ndiye aliyepinduliwa na askari wa Kati. Jeshi lililowahi kumtoa rais kwa sababu nzuri linabaki na uwezo uleule kwa sababu mbaya. Tofauti ambayo wanafunzi wako wanaweza kuipima wenyewe ni hii: waliochukua madaraka wametaja tarehe ya kuondoka? Wamejizuia kugombea? Wanairuhusu tume, mahakama na magazeti kuwauliza? Tarehe ikisogezwa mara ya pili, wamekwishajibu.

Sasa hofu yako kuhusu mdogo wako, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kulalamikia mshahara au kamanda ni haki yake, na majeshi mengi yana njia rasmi: kupitia kwa mkuu wake wa kikosi, na asiposikilizwa, kwa aliye juu yake, kwa maandishi. Kujadiliana na wenzake kukataa amri kwa pamoja ni jambo lingine kabisa. Katika sheria za kijeshi zilizorithiwa kutoka Uingereza, maasi ni kosa zito sana, na aliyejua kuhusu maasi akanyamaza ana kosa lake pia, hata kama hakushika bunduki. Wengi waliofungwa baada ya matukio kama haya hawakuwa wapangaji. Walikuwa pale, walisikia, wakadhani kukaa kimya ni kujiweka pembeni.

Kwa hiyo akisikia mazungumzo ya aina hiyo, asiyajadili kwa simu wala kwenye makundi ya ujumbe, asiyasambaze kwako wala kwa mtu mwingine wa nyumbani, na asikae nayo. Kama ana kamanda anayemwamini, aende kwake ana kwa ana. Kama anaamini kamanda wake yumo, aende ngazi nyingine au kwa idara ya sheria ya jeshi. Akiwa ameshaitwa kuhojiwa, au ameshiriki kikao chochote bila kujua kinahusu nini, asijieleze peke yake na wala asitegemee maelezo yangu haya: amtafute wakili mwenye uzoefu wa mahakama za kijeshi, wakae naye uso kwa uso na sheria ya jeshi lake mezani, kwa sababu vifungu hutofautiana kati ya nchi na nchi na mimi sijui yeye anatumikia chini ya sheria ipi. Wewe kama kaka au dada yake, kazi yako ni kumpa namba ya wakili huyo mapema, kabla hajaihitaji.